Kuvunja kikundi cha hisa bila ugomvi: mwongozo kamili, kuanzia hisa ya kwanza hadi mgao wa Desemba

Kila Desemba naletewa madaftari yaleyale. Kikundi kimeweka hisa mwaka mzima, watu wamekopa na wamelipa riba, siku ya kuvunja, yaani kugawana akiba na faida, imefika, na hela zilizo sandukuni haziendani na zilizoandikwa. Au zinaendana, ila yupo aliyenunua hisa nyingi mwezi wa kumi na anachukua faida sawa na aliyeanza Januari, na kikao kinaishia kwenye maneno.

Wengi huniuliza kanuni ya kugawana. Kanuni yenyewe ni kugawanya mara moja na kuzidisha mara moja, na mtoto wa darasa la sita anaimudu. Kinachowashinda watu ni yale yaliyotangulia: masharti ambayo hayakuwekwa Januari, na mapato yaliyohesabiwa kabla hayajaingia sandukuni. Mwongozo huu unafuata mwaka mzima wa kikundi kimoja cha mfano, cha watu 20 kinachokutana kila wiki, hisa moja ikiwa shilingi 5,000 na riba asilimia 5 kwa mwezi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kikao cha kwanza

- Sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zikae kwa wanachama watatu wasiotoka nyumba moja, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja.
- Kitabu cha hisa kwa kila mwanachama, pamoja na muhuri mdogo wa kugonga. Hisa moja ni muhuri mmoja. Kalamu inafutika na kuongezwa, muhuri unaonekana.
- Leja ya mikopo, ukurasa mmoja kwa kila mkopo. Usimwandikie mtu mikopo miwili kwenye ukurasa mmoja.
- Daftari la fedha la katibu, lenye kilichoingia, kilichotoka na baki ya kila kikao.
- Mifuko miwili ya kitambaa yenye rangi tofauti, mmoja wa fedha za hisa na mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii.
- Kikokotoo, na wahesabu fedha wawili ambao si viongozi.
- Katiba iliyosainiwa na kila mtu. Hata kurasa tatu zinatosha.

Kwa Tanzania, ongeza usajili. Vikundi hivi viko daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na maombi yanapitia halmashauri. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

## Hatua ya 1: Andika masharti manne yatakayoamua mgao

Katiba nyingi nilizosoma zina kurasa mbili za faini za kuchelewa na simu kuita kikaoni, halafu kuhusu mgao zinasema tu "faida itagawanywa kwa usawa". Neno "usawa" hapo ndilo mzizi wa ugomvi. Usawa wa vichwa au usawa wa hisa? Andika hivi badala yake.

Kiwango cha hisa kwa kikao. Mtu anunue hisa 1 hadi 5, basi. Ukomo huu unamlinda mwenye kipato kidogo asimezwe na mwenye nacho, na unamzuia mtu kuja mwisho wa mwaka na furushi la fedha kuvuna faida ambayo pesa yake haikuitafuta.

Mwezi wa mwisho wa kununua hisa. Kwa kikundi kinachovunjwa katikati ya Desemba, dirisha lifungwe mwisho wa Oktoba. Hisa ya Novemba haina muda wa kukopeshwa na kurudi, kwa hiyo haizalishi chochote.

Tarehe ya mikopo yote kurudi. Iwe tarehe 30 Novemba kwa kila mtu, hata aliyekopa Septemba. Wiki mbili zinazobaki ni za kufuatilia wasumbufu, na utazihitaji.

Njia ya kugawana. Ama kwa idadi ya hisa, ama kwa hisa na muda. Nitazieleza zote mbili mbele, ila uamuzi unafanyika Januari, kabla mtu yeyote hajajua ipi inamfaidi.

Jambo moja pembeni. Kama kuna wanachama ambao dini yao hairuhusu riba, lizungumzeni kabla ya hisa ya kwanza. Nimeona vikundi vinaiita "ada ya huduma" na kudhani yameisha. Desemba mtu anakataa faida yake mezani na hakuna anayejua fungu hilo liende wapi.

*Utajua hatua imekaa sawa* pale mwanachama yeyote, hata asiyejua kusoma, ukimuuliza njiani "dirisha la hisa linafungwa lini?" anakujibu bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Endesha kila kikao kwa mpangilio uleule

Mpangilio ukibadilikabadilika, fedha zinachanganyika. Fuata huu.

1. Wenye funguo wanafungua sanduku mbele ya wote. Wahesabu wanahesabu kwa sauti.
2. Mwenyekiti anawauliza wanachama wawili waliopewa kazi ya kukumbuka: "Tulifunga na shilingi ngapi?" Wataje kwa kichwa, kisha katibu asome daftari. Namba tatu zifanane.
3. Mfuko wa jamii unakusanywa kwanza na kurudishwa kwenye mfuko wake.
4. Hisa zinanunuliwa. Muhuri unagongwa baada ya fedha kuhesabiwa, si kabla.
5. Marejesho na riba vinapokelewa.
6. Ndipo mikopo mipya inatolewa.
7. Baki inahesabiwa, inatangazwa mara mbili, kufuli zinafungwa.

Watu hudharau namba 2, hasa sehemu ya wakumbukaji. Lakini daftari linaweza kubadilishwa nyumbani usiku, vichwa viwili vya watu haviwezi. Kikao ambacho namba hizo tatu zinagoma, msiendelee na chochote. Kosa la wiki moja hutafutwa dakika kumi. Likiachwa miezi mitano halipatikani tena.

Mfuko wa jamii ni wa misiba, wagonjwa na uzazi. Haukopeshwi kwa riba na haumo kwenye hesabu ya hisa. Wengi wanaokwama Desemba wamekopa "mara moja tu" kutoka mfuko huu ili kujazia mkopo wa mtu. Kisha hawajui tena fedha zipi ni za nani.

Kama kikundi chenu kinapokea fedha kwa simu, zipokelewe kwenye laini ya kikundi, na ujumbe wa muamala usomwe kikaoni. Fedha iliyotumwa kwenye simu ya mweka hazina ni fedha ya mweka hazina mpaka aitoe sandukuni.

## Hatua ya 3: Toa mikopo kwa kuangalia kalenda

Kiwango kilichozoeleka ni mara tatu ya hisa za mkopaji. Mwenye hisa za 200,000 anakopa hadi 600,000, kama sanduku linaruhusu na ana wadhamini wawili. Kwa miezi ya mwanzo sina tatizo nacho.

Tatizo ni kukibakiza hicho hicho hadi mwisho. Mtu mwenye hisa za 200,000 akichukua 600,000 mwezi wa tisa na akashindwa, hisa zake haziwezi kufidia deni, na wenzake ndio watakaolipa. Kwa hiyo weka ngazi:

- Januari hadi Juni: hadi mara tatu ya hisa, muda miezi mitatu.
- Julai na Agosti: hadi mara mbili ya hisa, muda miezi mitatu.
- Septemba na Oktoba: usizidi hisa zake mwenyewe, na urudi kabla ya 30 Novemba.
- Novemba: hakuna mkopo.

Wanachama watalalamika kwamba Septemba ndipo wanapotaka mzigo wa sikukuu. Wasikilize, halafu usibadilishe. Sharti hilo la tatu peke yake linaondoa sehemu kubwa ya madeni mabovu ya Desemba, kwa sababu kila mkopo ulio nje unakuwa na hisa zinazoufunika.

## Hatua ya 4: Toza riba kwa deni lililobaki, na uandike riba kwanza

Riba inaweza kutozwa kwa mkopo wa mwanzo muda wote, au kwa kilichobaki. Chukua mkopo wa 300,000 kwa miezi mitatu, rejesho 100,000 kila mwezi.

Ukitoza kwa mkopo wa mwanzo, mkopaji analipa 15,000 mara tatu, jumla 45,000. Ukitoza kwa kilichobaki, analipa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla 30,000.

Njia ya kwanza inaingiza zaidi, ndiyo maana viongozi huipenda. Lakini mkopaji anayelipa riba ya 300,000 wakati mkononi kabakiwa na 100,000 hana sababu ya kulipa mapema. Anakaa na deni lote mpaka siku ya mwisho, na sanduku linabaki tupu kwa wengine. Mimi huwashauri watoze kwa kilichobaki. Mkishachagua, iandikwe kwenye kila ukurasa wa leja.

Sasa tuseme mama ntilie aliyekopa hizo 300,000 analipa mwezi wa kwanza vizuri, ila mwezi wa pili analeta 60,000 tu. Ukurasa wake unakuwa hivi:

| Mwezi | Alicholeta | Riba | Mkopo | Baki |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 115,000 | 15,000 | 100,000 | 200,000 |
| 2 | 60,000 | 10,000 | 50,000 | 150,000 |
| 3 | 157,500 | 7,500 | 150,000 | 0 |

Riba inakatwa kwanza, kinachozidi ndicho kinapunguza mkopo. Katibu akiandika 60,000 yote kwenye mkopo, baki itasomeka 140,000, riba ya 10,000 itapotea kwenye karatasi, na Desemba utaona faida ndogo kuliko ilivyo bila kujua imevujia wapi.

Onyo. Mtu asipoleta kitu kabisa, usiandike riba yake kwenye safu ya mapato. Iandike pembeni kama deni la riba. Mapato ni kilichohesabiwa mezani. Nimeona kikundi kimetangaza faida ya milioni tatu, na karibu milioni nzima ilikuwa riba za watu waliohama mtaa.

Usishangae pia wanachama wakiuliza mwezi wa sita "faida iko wapi?" Haina mfuko wake. Riba ikiingia inachanganyika na hisa na kukopeshwa tena siku hiyohiyo. Inaonekana kwenye daftari tu mpaka mtakapofunga.

## Hatua ya 5: Funga hesabu wiki mbili kabla ya kugawana

Usifunge na kugawana siku moja. Kikao cha kwanza cha Desemba kiwe cha hesabu tu, watu waende nyumbani bila kitu, warudi baada ya wiki mbili. Wakati wa kutafuta makosa ni huo.

Hesabu mihuri kwenye vitabu vya wanachama wote, siyo kwenye daftari la katibu. Halafu linganisha. Kikundi chetu cha mfano kimepata haya:

- Hisa 2,600, sawa na 13,000,000
- Riba iliyopokelewa: 2,730,000
- Faini: 94,000
- Matumizi ya usajili, vitabu na nauli: 124,000
- Mikopo iliyo nje, bila riba: 1,240,000

Fedha zinazotakiwa kuwamo sandukuni ni hisa, jumlisha riba, jumlisha faini, toa matumizi, toa mikopo iliyo nje:

```
13,000,000 + 2,730,000 + 94,000 - 124,000 - 1,240,000 = 14,460,000
```

Mfuko wa jamii, ambao una 412,000, unahesabiwa peke yake na hauingii hapa.

Wahesabu wakipata 14,460,000, hatua imekamilika. Wakipata pungufu au zaidi, simama. Ndiyo, hata zikiwa zaidi. Ziada ni kosa kama upungufu, tena mara nyingi ni rejesho la mtu ambaye leja bado inamdai.

### Zikigoma, anzia hapa

Mwaka mmoja nilikaa na kikundi ambacho leja ilisema mikopo ya nje ni 1,150,000, kwa hiyo sanduku lilitakiwa kuwa na 14,550,000. Mezani zilikuwa 14,460,000. Tisini elfu hazipo. Mwenyekiti, mama mtu mzima, alimgeukia mweka hazina taratibu: "Mwanangu, hii tisini imekwenda wapi?" Binti akaanza kulia palepale.

Niliwaomba wanipe kikokotoo kabla ya maneno zaidi. Upungufu ukigawanyika kwa 9 bila kubaki, kwanza tafuta tarakimu zilizogeuzwa. Ukiandika 21 badala ya 12, tofauti ni 9. Ukiandika 54 badala ya 45, tofauti ni 9 tena. Ni hivyohivyo kwa tarakimu zozote mbili zinazopishana kwa moja. Tisini elfu inagawanyika kwa 9. Tukapekua leja kutafuta rejesho ambalo tarakimu zake mbili za mbele zinapishana kwa moja. Ukurasa wa kumi na nne kulikuwa na rejesho la 210,000, wakati kitabu cha mkopaji mwenyewe kimeandikwa 120,000. Fedha haikuwahi kupotea. Deni la mtu lilikuwa limepunguzwa kwa kalamu, na mikopo ya nje kwa kweli ilikuwa 1,240,000.

Upungufu usipogawanyika kwa 9, ugawe kwa mbili na utafute kiasi hicho. Huenda matumizi yameandikwa upande wa mapato, au kinyume chake. Usipopata, tafuta kiasi chenyewe kama kilivyo: kikao ambacho mkopo ulitolewa na haukuandikwa. Tuhuma za wizi zije mwisho, baada ya hizi tatu.

## Hatua ya 6: Tafuta thamani ya hisa moja

Hesabu zikikubali, jumla ya mali ya kikundi ni fedha za sandukuni na mikopo ya nje inayolipika:

```
14,460,000 + 1,240,000 = 15,700,000
15,700,000 / 2,600 = 6,038.46
```

Hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 sasa ni 6,038. Acha senti. Mwenye hisa 90 anapata 90 × 6,038, yaani 543,420: akiba yake 450,000 na faida 93,420. Mwenye hisa 200 anapata 1,207,600.

Zidisha 6,038 kwa hisa zote 2,600 uone kama unarudi karibu na jumla. Inakuja 15,698,800, zimebaki 1,200. Ziingie mfuko wa jamii, na itangazwe. Ziada ya elfu moja au mbili ni kawaida kwa kuacha senti. Ikiwa kubwa kuliko idadi ya hisa zenu, kuna mahali umekosea kugawanya.

Hakuna sababu ya kutenganisha akiba na faida kwenye malipo. Vikundi vinavyorudisha akiba kwanza, kisha vinagawa faida wiki ya pili, hujikuta wiki ya pili nusu ya watu hawapo na hela zimeanza "kuazimwa".

### Lini utumie hisa na muda

Njia ya hapo juu inatosha kama mna ukomo wa hisa kwa kikao na dirisha mlilifunga Oktoba. Kama hamkuweka ukomo, mtaumizana.

Chukua watu wawili wenye hisa 100 kila mmoja. Muuza mchicha alinunua hisa 10 kila mwezi, Januari hadi Oktoba. Fundi alinunua 2 kila mwezi kwa miezi minane, kisha akalipwa kazi ya nyumba, akanunua 42 Septemba na 42 Oktoba. Kwa idadi ya hisa, faida ya 118,000 wanagawana 59,000 kila mmoja. Muuza mchicha ana haki ya kununa.

Kwa hisa na muda, kila hisa inahesabiwa miezi iliyofanya kazi, ukihesabu na mwezi wenyewe hadi Desemba. Hisa ya Januari ina miezi 12, ya Februari 11, ya Oktoba 3.

- Muuza mchicha: 10 × (12+11+10+9+8+7+6+5+4+3) = 750
- Fundi: 2 × (12+11+10+9+8+7+6+5) = 136, na 42 × (4+3) = 294, jumla 430

Jumla yao 1,180. Gawa 118,000 kwa 1,180, unapata 100 kwa kila pointi. Muuza mchicha anachukua faida ya 75,000, fundi 43,000. Kila mmoja anarudishiwa na akiba yake kamili ya 500,000.

Angalia kwamba hapa faida ndiyo inayogawanywa kwa pointi, akiba haiguswi. Wanaogawa jumla yote kwa pointi wanamnyang'anya fundi akiba yake, na kosa hilo ni la kawaida mno.

Njia hii ina haki zaidi lakini ina kazi, na watu wengi hawataweza kuihakiki wenyewe. Kwa kikundi ambacho nusu hawasomi, ningechukua ukomo wa hisa na hesabu rahisi.

## Hatua ya 7: Kata madeni kwenye mgao

Katika mfano wetu, ile 1,240,000 iko kwa watu wawili, na wote wameshalipa riba ya mwezi wa mwisho.

Wa bodaboda ana hisa 120 na deni 400,000. Mgao wake ni 724,560. Anapewa 324,560, ukurasa wake wa leja unapigwa mstari na kusainiwa.

Fundi cherehani ana hisa 150 na deni 840,000. Mgao wake ni 905,700. Anapewa 65,700. Atakasirika, ila hana hoja, kwa sababu 840,000 alishazichukua.

Kama mtu angekuwa na riba inayodaiwa, ikatwe pamoja na mkopo, na iingizwe kwenye mapato kabla ya kutafuta thamani ya hisa.

### Deni likizidi hisa

Tuseme hiyo 840,000 iko kwa mtu mwenye hisa 100, na hapatikani. Wadhamini waitwe kwanza, wakati wa zile wiki mbili. Wakilipa upungufu, hesabu haibadiliki.

Wasipolipa, mwondoe kabisa kwenye hesabu, yeye na hisa zake na deni lake:

```
15,700,000 - 840,000 = 14,860,000
2,600 - 100 = 2,500
14,860,000 / 2,500 = 5,944
```

Kila hisa ya waliobaki imeshuka kwa shilingi 94. Mtu mwenye hisa 200 kapoteza 18,800 kwa sababu ya mtu mmoja, na ni vizuri alijue kwa namba hiyo. Deni la aliyetoroka halifutiki: 840,000 toa thamani ya hisa zake kwa bei kamili, 603,800, linabaki 236,200. Liandikwe kwenye muhtasari. Akipatikana mwezi wa tatu, fedha hizo zinagawiwa kwa hisa 2,500 za mwaka huu, hata kama baadhi ya wenye hisa wameshaondoka kikundini.

Usifanye kosa la kulihamishia deni hilo mzunguko mpya kama "mali ya kikundi". Wanachama wapya watakuwa wamenunua deni la mtu wasiyemjua.

## Hatua ya 8: Siku ya kulipa

Bandika ukutani karatasi moja kubwa yenye jina, idadi ya hisa, mgao, deni na anachopokea kila mtu. Iwepo angalau nusu saa kabla ya kufungua sanduku. Kila mtu azidishe hisa zake mwenyewe kwa 6,038. Wasioweza wasaidiwe na mtu wanayemwamini, siyo na katibu.

Jumla ya safu ya mwisho lazima ilingane na fedha zilizopo. Kwetu ni 15,698,800 toa madeni 1,240,000, yaani 14,458,800. Ongeza 1,200 iliyoachwa, unarudi kwenye 14,460,000.

Mkiwa na fedha nyingi hivyo, msizihesabie kibarazani. Zilizo benki zitolewe asubuhi ileile na watu watatu, na muda wa kikao usitangazwe mtaani. Anzeni kuwalipa wenye hisa chache. Viongozi wawe wa mwisho kabisa, ili kosa lolote likijitokeza liangukie kwao. Mtu anahesabu mbele ya wahesabu, anasaini au anaweka dole gumba, kitabu chake kinagongwa "IMELIPWA" kwenye kurasa zote zenye mihuri. Kitabu kisichogongwa kinaweza kurudi Januari kikidai.

Mkimaliza, mfuko wa fedha uwe mtupu na mfuko wa jamii uwe na 413,200. Geuzeni ule mtupu ndani nje, kila mtu auone, kisha wenye funguo wazikabidhi kwa watu watatu wapya palepale.